Kusafisha njia za GPS za bodaboda za mizigo: tafuta chanzo kabla ya kubandika nukta barabarani

Anayesimamia bodaboda za kupeleka mizigo jijini Dar es Salaam kwa kawaida hukutana na tatizo hili kwenye hesabu za malipo kabla hajaliona kwenye ramani. Dereva analipwa kwa kilomita, mteja anatozwa kwa kilomita, na kilomita zenyewe zinatokana na nukta ambazo simu ya dereva imezipima njiani. Nukta zikiwa na kasoro, upande mmoja unapunjwa.

Tuchukue safari moja ya mfano, niliyoitunga kwa kukusanya kasoro zinazojitokeza mara nyingi zaidi. Dereva anachukua mzigo Kariakoo, anapita Jangwani na Magomeni kwa Barabara ya Morogoro, anakata kulia kuingia Barabara ya Shekilango, kisha anaukabidhi mzigo Sinza. Simu yake inapima mahali alipo kila baada ya sekunde 10. Tuseme kwa barabara safari hiyo ni kilomita 8.6. Ukijumlisha umbali wa kutoka nukta moja hadi inayofuata, unapata kilomita 13.1. Ukizichukua nukta hizo hizo na kuzibandika barabarani bila kuzisafisha, unapata kilomita 16.4, tena kwa mstari nadhifu usiotoka nje ya barabara hata kidogo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Programu ya kubandika nukta haijui kwamba nukta ni mbovu. Inachojua ni kutafuta barabara zinazoweza kuzifikia zote. Nukta iliyoruka mita 700 ikipelekwa huko, programu itatafuta barabara ya kwenda na ya kurudi, na kosa lililokuwa linaonekana kwa macho litageuka kuwa safari inayoaminika. Kwa sababu hiyo dalili zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe: namba za mahali kwanza, kisha muda, kisha nukta zinazoruka, kisha vituo, na barabara mwishoni.

Nukta zinaangukia nchi nyingine

Hili ni jepesi. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.27. Nukta zikionekana magharibi mwa Hispania, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Zikionekana Ethiopia, alama ya kutoa imepotea kwenye latitudo. Zikiangukia baharini katika Ghuba ya Guinea, kifaa kimeandika 0,0 kwa sababu hakikupata setilaiti, na nukta hizo hazina cha kuokolewa. Kasoro mbili za kwanza hurekebishwa kwa mstari mmoja wa msimbo, mradi uhakikishe kwamba zimeathiri faili zima na si simu za aina moja tu.

Mstari unarudi nyuma, kisha unasonga mbele tena juu ya njia ile ile

Katika safari yetu ya mfano, mstari unavuka Jangwani vizuri, unafika Magomeni, ghafla unarudi Jangwani mita 900, kisha unaenda tena Magomeni. Mtazamaji atafikiri dereva alisahau kitu akageuza. Kabla ya kumuuliza dereva, angalia safu ya muda. Ukikuta nukta kumi au zaidi zina sekunde ile ile moja, ilhali zimetawanyika kwenye mamia ya mita ya barabara, hakuna aliyegeuza.

Chanzo chake ni kwamba simu ilikosa mtandao kwa muda, ikazihifadhi nukta ndani yake, na mtandao uliporudi ikatuma nukta mpya kwanza, kisha zile za zamani kwa mkupuo. Seva nayo imeandika muda ilipozipokea badala ya muda zilipopimwa. Ukizipanga kwa muda wa kupokelewa, nukta za nyuma zinaingia baada ya nukta za mbele, na mita 900 za kurudi pamoja na mita 900 za kwenda tena zinakuwa kilomita 1.8 ambazo hakuna aliyeziendesha.

Tiba ni kutumia muda wa kupimwa, ambao kwenye Android unatoka kwenye `Location.getTime()` kwa milisekunde za UTC, kisha kupanga upya na kufuta nukta zinazojirudia kwa muda na mahali. Ikiwa mfumo wako haukuhifadhi kabisa muda huo, rekebisha programu ya simu kwanza, kwa sababu hakuna kichujio kitakachorudisha mpangilio uliopotea kwa uhakika. Angalia pia pengo la sekunde 10,800 kamili. Hizo ni saa tatu, yaani tofauti ya saa za Afrika Mashariki na UTC, na maana yake ni kwamba sehemu moja ya mfumo inaandika saa za hapa na nyingine inaandika saa za UTC.

Baada ya hatua hii safari yetu imeshuka kutoka kilomita 13.1 hadi 11.3.

Nukta moja inaruka juu ya majengo na kurudi

Hii ndiyo kasoro inayojulikana zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Kariakoo na Posta zina majengo marefu yaliyobanana, na mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kuifikia simu. Kipokezi kinapima wimbi lililopita njia ndefu na kuhesabu mahali pasipo sahihi, mara nyingi kwa makumi ya mita. Nukta inayoruka mamia ya mita kwa kawaida ina chanzo kingine: simu imekosa setilaiti kwa muda, ikakisia mahali kwa kutumia minara ya simu au Wi-Fi za jirani. Vyanzo hivi viwili vinatenganishwa kwa safu ya usahihi, ambayo Android huitoa kwa mita kama nusu kipenyo cha duara lenye uwezekano wa takriban asilimia 68 wa kuwa na mahali halisi. Ndiyo kusema hata simu yenyewe inakiri kwamba karibu nukta moja kati ya tatu inaweza kuwa nje ya duara lake.

Tazama kipande hiki, chenye saa, latitudo, longitudo na usahihi kwa mita:

```
14:02:10,-6.81890,39.27410,8
14:02:20,-6.81842,39.27372,9
14:02:30,-6.81511,39.27935,64
14:02:40,-6.81760,39.27301,10
14:02:50,-6.81718,39.27262,8
```

Kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili ni mita 68, sawa na kilomita 24 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa katikati ya msongamano. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni mita 722 kwa sekunde 10, yaani kilomita 260 kwa saa. Kurudi kutoka ya tatu hadi ya nne ni mita 753, yaani kilomita 271 kwa saa. Lakini ukiruka nukta ya tatu na kupima moja kwa moja kutoka ya pili hadi ya nne, unapata mita 120 kwa sekunde 20, kama kilomita 22 kwa saa. Nukta moja imeongeza takriban mita 1,355 kwenye safari, na ukiiondoa kila kitu kinakaa sawa.

Kigezo kinatokana na hesabu hiyo yenyewe: nukta inaruka ikiwa mwendo wa kuifikia ni mkubwa kupita kiasi, mwendo wa kuiacha pia ni mkubwa kupita kiasi, na mwendo wa kuipita bila kuigusa ni wa kawaida. Masharti yote matatu yanahitajika. Katika msimbo huu `t` ni muda kwa sekunde, si milisekunde, na `umbali` ni kazi yako ya kupima mita kati ya nukta mbili.

```python
def imeruka(a, b, c, kikomo=30):  # mita kwa sekunde
    kwenda = umbali(a, b) / max(b.t - a.t, 1)
    kurudi = umbali(b, c) / max(c.t - b.t, 1)
    kupita = umbali(a, c) / max(c.t - a.t, 1)
    return kwenda > kikomo and kurudi > kikomo and kupita < kikomo
```

Kikomo cha mita 30 kwa sekunde ni kilomita 108 kwa saa, ambacho pikipiki ya mizigo ndani ya jiji haikifikii. Safari yetu sasa ni kilomita 9.9.

Kigezo hiki kina mipaka yake, na mpaka wa kwanza unatokana na muda kati ya nukta. Ikiwa simu inapima kila sekunde 60 ili kuokoa betri, nukta inaweza kuruka mita 1,500 na kurudi bila kuvuka mita 25 kwa sekunde, na kichujio kikaipitisha kwa heshima zote. Kwa data ya namna hiyo ongeza kigezo cha uwiano: jumla ya umbali wa kwenda na kurudi ikigawanywa kwa umbali wa kupita moja kwa moja. Katika mfano wetu uwiano huo ni zaidi ya 12. Hata hivyo uwiano peke yake usiuamini, kwa sababu dereva aliyeingia mtaa usio na njia ya kutokea, akakabidhi mzigo na kurudi alikotoka, naye ana uwiano mkubwa. Yeye utamtambua kwa nukta kadhaa za mwendo mdogo kule ndani zenye usahihi mzuri. Nukta iliyoruka huwa peke yake na usahihi wake ni mbaya. Kwa hiyo futa pale ambapo uwiano mkubwa umeambatana na usahihi mbaya, na uache pale ambapo kimojawapo kinakosekana.

Wakati mwingine tatizo ni kichujio chenyewe: baada ya kukiendesha, safari nzima imetoweka na imebaki nukta moja. Hili hutokea kwa vichujio vinavyolinganisha kila nukta na ile ya mwisho iliyokubaliwa. Ikiwa nukta ya kwanza kabisa ndiyo mbovu, na mara nyingi huwa hivyo kwa sababu simu inaanza kurekodi kabla ya kupata setilaiti za kutosha, basi nukta zote njema zinazofuata zinaonekana kuwa mbali mno nayo na zinatupwa moja baada ya nyingine. Weka sharti kwamba nukta tatu mfululizo zilizokataliwa, lakini zinazopatana zenyewe kwa mwendo, zinatosha kuanzisha mwanzo mpya, na nukta ya zamani ndiyo ichunguzwe.

Nukta zinazoruka kwa kundi zinahitaji jicho la pili. Msimbo ulio hapo juu hauoni kitu nukta nne mfululizo zikiangukia mahali pamoja pabovu, kwa sababu mwendo kati yao wenyewe ni sifuri. Alama ya kundi la namna hiyo ni kwamba namba zake zinajirudia hadi tarakimu ya mwisho, usahihi ni mamia ya mita, na, ukitafuta kwenye hifadhidata, mahali hapo hapo panaonekana kwenye safari za madereva wengine wa siku nyingine. Hicho ni kisio cha mnara, nazo zifutwe kwa safu ya usahihi kabla ya kupima mwendo. Mimi huanza na kikomo cha mita 50, kisha natazama kimefuta sehemu gani ya safari. Kikifuta zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nukta za Kariakoo, nakilegeza, kwa maana katikati ya majengo yale nukta inayozidi mita 50 kidogo bado ina kazi ya kufanya.

Mwisho kuna mruko usiorudi. Nukta zimeganda mahali pamoja kwa dakika moja, kisha nukta inayofuata iko mita 500 mbele na safari inaendelea kutoka hapo. Mtu mwenye haraka hufuta nukta ya mbele, ambayo ndiyo ya kweli. Zilizo mbovu ni zile zilizoganda, kwa sababu programu ilikuwa inatuma mahali pa mwisho palipojulikana huku pikipiki inatembea. Zifute hizo, uache pengo la wazi, na uliache pengo hilo lijazwe baadaye na hatua ya barabara.

Kilomita zinaongezeka pikipiki ikiwa imesimama

Dereva wetu alisubiri mzigo Kariakoo kwa dakika 25. Kwenye ramani kusubiri kwake kunaonekana kama utando wa nyuzi juu ya maduka, kwa sababu nukta hutangatanga hata kama simu haijasogea. Kwa kipimo cha kila sekunde 10 hizo ni hatua 150, na ikiwa kila hatua inasogea mita 8 tu kwa wastani, jumla yake ni mita 1,200. Hakuna hata nukta moja iliyovunja kikomo cha mwendo, ndiyo maana kichujio cha hatua iliyotangulia hakikuona chochote.

Dawa yake ni kutafuta kundi la nukta linalokaa ndani ya nusu kipenyo cha mita 40 kwa dakika tatu au zaidi, na kulibadilisha lote kuwa nukta moja yenye muda wa kufika na muda wa kuondoka. Kwa mahali pa nukta hiyo chukua thamani ya katikati ya latitudo zote zilizopangwa kwa ukubwa na ya longitudo zote vivyo hivyo, wala usitumie wastani, maana wastani huvutwa na nukta chache zilizokwenda mbali. Foleni ya kwenye taa ikimezwa na sheria hii hakuna kinachoharibika kwa upande wa umbali.

Wapo wanaotatua jambo hili kwa kulainisha njia nzima kwa wastani wa nukta tano tano. Sishauri. Kulainisha hukata kona, na nukta ya kwenye kona ndiyo inayoiambia programu ya barabara kwamba dereva aliingia Shekilango na si mtaa wa kabla yake.

Tumefika kilomita 8.7, na bado hatujagusa ramani ya barabara.

Baada ya kubandika, umbali unapanda tena

Kuna namna mbili za kubandika nukta. Ya kwanza inachukua kila nukta peke yake na kuipeleka kwenye barabara iliyo karibu zaidi. Matokeo yake hufanana na mfupa wa samaki: njia kuu yenye vijitawi vifupi kila upande, kwa kuwa nukta iliyokosea mita 12 karibu na njia panda hupelekwa mtaa wa pembeni. Ya pili inazitazama nukta zote kwa pamoja, na kutafuta njia ambayo iko karibu nazo na wakati huohuo haihitaji mizunguko isiyo na sababu kati ya nukta moja na nyingine. Njia hii ya pili ilielezwa na watafiti Newson na Krumm mwaka 2009, na ndiyo inayofuatwa na huduma ya `match` ya OSRM, programu huria ya kutafuta njia za barabarani. Ukiona vijitawi, kuna uwezekano mkubwa unaita `nearest` mahali ulipopaswa kuita `match`.

Ombi lake lina sura hii, na longitudo ndiyo inayotangulia:

```
/match/v1/driving/39.27410,-6.81890;39.27372,-6.81842;39.27301,-6.81760
  ?timestamps=1718017330;1718017340;1718017360
  &radiuses=10;10;10&gaps=split&tidy=true
```

Nimelikata katika mistari mitatu ili lisomeke. Kwenye programu huwa mstari mmoja. Nukta iliyoruka haimo tena.

Ukipata `null` nyingi kwenye `tracepoints`, au jibu la `NoMatch`, tazama `radiuses`. Usipoiweka, OSRM hudhani kosa la GPS ni mita 5, jambo ambalo ni kweli kwenye uwanja wazi, si kwenye mitaa ya Kariakoo. Mpe kila nukta usahihi wake uliopimwa na simu, usiopungua 10 wala kuzidi 40. Ukizidisha, mitaa sambamba yote inakuwa na nafasi sawa na programu inaanza kubahatisha. Jibu la `TooBig` lenyewe halihusiani na ubora: seva kwa mpangilio wake wa kawaida inakubali nukta 100 tu kwa ombi moja. Ama ongeza `--max-matching-size` unapoiwasha `osrm-routed`, ama kata safari vipande vinavyopishana kwa nukta kadhaa ili maungio yasivunjike.

Safari yetu ilipobandikwa mara ya kwanza ilipanda kutoka kilomita 8.7 hadi 11.6. Ili kujua kilomita zile karibu tatu zimetoka wapi, gawa njia katika vipande vya dakika mbili mbili, na kwa kila kipande linganisha umbali uliobandikwa na umbali wa nukta zilizosafishwa. Vipande vingi vitakuwa karibu na 1. Vinavyozidi 1.3 ndivyo vya kuvifungua kwenye ramani, na katika safari hii vilikuwa viwili.

Kipande cha kwanza kiko Barabara ya Morogoro. Huko katikati kuna njia za mwendokasi, na pembeni kila upande una barabara yake ya magari mengine. Nukta mbili zilisogea kuelekea upande wa pili baada ya simu kukosa setilaiti kwa muda, programu ikaziweka kwenye barabara ya kuelekea mjini, na ili kuziunganisha na zilizofuata ikabuni safari ya kwenda kugeuza na kurudi, mita 900. Tiba ni kuipa programu mwelekeo wa pikipiki. Kigezo cha `bearings` kinapokea nyuzi za dira na kiasi cha kupotoka kinachoruhusiwa, mfano `290,45` kwa anayeelekea Ubungo. Kiweke tu kwenye nukta ambazo mwendo wake unazidi kama kilomita 10 kwa saa, na nyingine ziache wazi, kwa sababu mwelekeo unaotolewa na simu iliyosimama hauna maana yoyote.

Hapa niseme jambo ambalo wasimamizi hawalipendi. Mpangilio wa kawaida wa magari katika OSRM hauzitumii njia zilizotengwa kwa mabasi, kwa hiyo dereva aliyepita kwenye njia ya mwendokasi ataonekana amepita pembeni, na kwa hesabu ya umbali hilo halina madhara. Lakini ukiufungua mpangilio ili njia za mabasi zikubalike, yule aliyepita pembeni kihalali naye anaweza kuonekana yuko katikati, kwa sababu kosa la mita 10 linatosha kumhamisha. Njia iliyobandikwa haifai kuwa ushahidi wa kumkata dereva mshahara kwa kosa la kuingia mwendokasi.

Kipande cha pili kiko Sinza, na kilikuwa na kilomita 2.1 za ziada. Nukta zilizosafishwa zinapita moja kwa moja kati ya nyumba, zimepangana vizuri, usahihi mita 7 hadi 9, mwendo kilomita 12 kwa saa. Nukta nzuri namna hiyo hazidanganyi: dereva amepita kichochoro. Kwenye OpenStreetMap vichochoro vingi vimechorwa, hasa tangu mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, lakini vimeandikwa `highway=path` au `highway=footway`, na mpangilio wa magari hauvitazami kabisa. Programu ikazunguka kwa barabara za magari. Jambo hilo hilo hutokea dereva akipita kinyume mtaa wa njia moja.

Zipo tiba mbili. Unaweza kuongeza `path = 10` na `footway = 8` kwenye orodha ya mwendo ndani ya `car.lua`, kisha kuendesha upya `osrm-extract`, `osrm-partition` na `osrm-customize`. Mwendo uwe mdogo kwa makusudi, vinginevyo njia za waenda kwa miguu zilizo kando ya barabara kuu zitaanza kunasa nukta za barabara kuu. Tiba ya pili, ambayo mimi huiona bora kwa kazi ya malipo, ni kuacha kubandika mahali hapo: kipande chenye uwiano unaozidi 1.3, ambacho nukta zake zina usahihi mzuri na mwendo unaoeleweka, kihesabiwe kwa nukta zake zilizosafishwa. Baada ya marekebisho haya mawili safari ilisoma kilomita 8.6.

Barabara ipo, lakini programu haiioni

Mstari ukizunguka kwa Daraja la Selander ilhali nukta ziko juu ya maji upande wa bahari, ramani iliyo kwenye seva yako ni ya kabla ya Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022. Pakua upya `tanzania-latest.osm.pbf` kutoka Geofabrik na uichakate. Katika makutano yenye ngazi, kama Mfugale pale Tazara au Ubungo, GPS haiwezi kukuambia kwa uhakika kama dereva alikuwa juu au chini. Kinachoamua ni nukta za kabla na za baada, na kwa umbali tofauti yake ni ndogo.

Kivuko cha Magogoni ni habari nyingine. Dereva anayevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni anaacha nukta safi juu ya maji, mita mia kadhaa tu, lakini ikiwa njia ya kivuko haimo kwenye ramani uliyoichakata, programu inaweza kumpitisha Kurasini na Daraja la Nyerere na kumpa kilomita nyingi za bure. Kichujio kinachofuta kila nukta iliyo baharini nacho kinazidisha kosa hilo, kwa sababu kinaacha pengo ambalo `gaps=ignore` italijaza kwa daraja. Ziache nukta za majini, tumia `gaps=split`, na uhesabu kuvuka kwa mstari ulionyooka kati ya gati na gati. Kusubiri pantoni kutakuwa kumeshamezwa na hatua ya vituo.

Katika jedwali la mwisho, kila kipande cha safari kiwe na safu inayosema umbali wake umetoka wapi: `barabara`, `nukta` au `kivuko`. Nukta za awali zisifutwe kwenye hifadhidata. Kinachofutwa ni nakala. Dereva akija na mita ya pikipiki inayosoma tofauti, fungua safu hiyo, anza na vipande vilivyoandikwa `barabara` vyenye uwiano mkubwa kuliko vingine, na umwekee ramani yenye mistari yote miwili mbele yake aoneshe alikopita.